Barua ya Fundi wa Umeme wa Jua Anapoomba Kazi

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mafundi wanachama mjini Kitale, na kurudiwa Bungoma)



Mlituomba tuseme juu ya barua za kuomba kazi, kwa kuwa mafundi wengi wa umeme na wa sola hapa Kitale na kule Bungoma wanaandika barua wala hawapati jibu. Sisi wa kamati tumekuwa tukizisoma barua hizo kabla hazijapelekwa, na twaweza kuwaambia kwamba nyingi zafanana kama misumari ya pakiti moja. Kila mtu asema yeye ni mwaminifu, mchapa kazi, mwepesi wa kujifunza, na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Meneja akisoma barua kumi za namna hiyo asubuhi moja, hana njia ya kujua ni nani kati ya hao kumi amewahi kupanda juu ya bati na paneli mkononi.

Hatutaki kuwachosha kwa maneno ya jumla. Tutawaeleza habari ya barua moja tu, ya ndugu yetu mmoja kijana wa upande wa Bungoma, ambaye ametupa ruhusa tuitumie bila kumtaja jina.

Ndugu huyu alisoma ufundi wa umeme katika chuo, akafanya kazi miaka miwili chini ya fundi mkubwa mjini Bungoma, kisha akaanza kujitafutia mwenyewe Chwele, Kimilili na vijiji vya huko. Ana leseni ya fundi wa sola ya daraja T2. Alikuwa ameandika barua saba kwa maduka na makampuni ya sola, asipate hata simu moja. Akatuletea barua ya nane, kurasa mbili nzima, iliyokuwa ikienda kwa kampuni moja hapa Kitale inayofunga mitambo ya jua mashambani. Tukaisoma mpaka mwisho. Hakukuwa na waya hata mmoja ndani yake, wala betri, wala jina la kijiji.

Tukamwambia, “Hebu weka karatasi chini, utusimulie kazi moja uliyoifanya.” Akataja kazi tatu nne zilizokwenda vizuri, lakini kwa juu juu tu. Mwenzetu mmoja akamwuliza, “Je, ni ipi iliyokunyima usingizi?” Hapo akanyamaza kidogo, kisha akatueleza habari ya nyumba ya Mwalimu.

Mwalimu ni mzee mmoja mstaafu, jirani ya Chwele. Mwezi wa Machi mwaka jana ndugu yetu alimfungia mtambo mdogo: paneli mbili za wati 100 kila moja, betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100, kontrola ya kuchaji, taa sita, na televisheni ndogo ya volti 12. Ukawaka vizuri, na Mwalimu akafurahi. Mwezi wa Julai kijana wa Mwalimu akajenga kijumba chake uani, mita 20 kutoka mahali betri ilipo, na wakamwita fundi apeleke umeme huko pamoja na televisheni. Fundi alikuwa na mabaki ya waya wa milimita mraba 1.5, waya ule ule tunaotumia kwa taa ndani ya nyumba. Fedha ya waya mnene haikuwapo siku ile, na Mwalimu alikuwa na haraka. Akaufunga. Akawasha taa, zikawaka. Akawasha televisheni, ikawaka. Ilikuwa saa nane mchana na jua lilikuwa kali. Akapanda pikipiki akaenda zake.

Baada ya wiki moja simu ikalia. Mwalimu akasema, “Kijana, betri uliyoniletea imekufa. Mchana televisheni inawaka, lakini ikifika saa mbili usiku inazimika. Na kuna fundi mwingine amepita hapa, amesema ninunue betri nyingine.”

Ndugu yetu akajibu, “Mwalimu, naomba usinunue kitu mpaka nifike niione.”

Akafika jioni ile ile, jua limekwisha kuzama. Akapima kwenye vichwa vya betri, televisheni na taa mbili za kijumba zikiwa zimewashwa: volti 12.4. Akaenda kupima kule kwenye soketi ya televisheni: volti 10.5. Akazima kila kitu akapima tena pale kwenye soketi: 12.5, sawa na betri. Basi akajua. Kama betri ingekuwa mbovu, volti zingeanguka pale pale kwenye vichwa vyake mara tu mzigo unapowashwa. Lakini betri ilisimama imara, na volti zilikuwa zikipotea njiani, tena zilipotea wakati umeme unapita tu. Mchawi alikuwa waya.

Hesabu yake ni nyepesi, na twaomba kila fundi aijue kwa kichwa. Kwa waya wa shaba, chukua 0.0175, zidisha kwa urefu wa kwenda na kurudi kwa mita, gawanya kwa unene wa waya kwa milimita mraba. Unapata omu za waya huo. Mita 20 kwenda na 20 kurudi ni 40. Kwa waya wa 1.5 jibu ni omu 0.47 hivi. Televisheni na taa mbili zilikuwa zikivuta ampea 4. Zidisha 4 kwa 0.47, unapata volti 1.9 zilizoliwa na waya. Ondoa hizo kwenye 12.4, unabaki na 10.5, kama mita ilivyosema. Na televisheni ile haikubali chini ya volti 11.

Wengine wataona ajabu kwamba mchana iliwaka. Mchana paneli zinachaji, na betri inasimama kwenye volti 13.5 au zaidi. Ukiondoa 1.9 bado unabaki na 11.6, na televisheni inaridhika. Jua likizama, betri inashuka hadi 12 na kitu, na hapo ndipo upungufu unapoonekana. Ndiyo maana ubovu huu unawadanganya watu wengi wakadhani ni betri, na betri nyingi nzima zimetupwa kwa sababu ya waya wa mita 20. Na ndiyo maana fundi anayejaribu kazi yake saa nane mchana peke yake hajaijaribu.

Ndugu yetu alimweleza Mwalimu ukweli wote. Alimwambia, “Mwalimu, betri yako ni nzima. Kosa ni langu, niliweka waya mwembamba na sikupima mwisho wake.” Siku ya pili akaja na waya wa milimita mraba 6, aliounua kwa fedha yake mwenyewe. Kwa waya huo volti zinazopotea ni chini ya nusu volti, na kwenye soketi akapata 11.9. Waya wa 4 ungeweza kufaa siku ile, lakini saa nne usiku betri inaposhuka karibu na 12 angekuwa ukingoni tena. Akaandika vipimo vyote kwenye karatasi, kabla na baada, akaibandika ndani ya mlango wa sanduku la betri, na nakala akaiweka mfukoni.

Basi sisi tukamwambia, “Hiyo ndiyo barua yako.”

Hapo kamati iligawanyika, na hatuoni haya kulisema. Mwenzetu mmoja mzee wa kazi alipinga kabisa. Alisema mtu aombaye kazi hajitangazii makosa, na kwamba meneja atasoma neno “kosa” na kuitupa barua. Neno lake lina uzito, maana wako matajiri wa namna hiyo. Wengine tukajibu kwamba meneja wa sola anajua kuliko sisi ni mara ngapi anarudishwa nyumbani kwa mteja kwa sababu ya kazi mbovu, tena kwa gharama yake. Anayemtafuta ni fundi anayeweza kugundua ubovu kwa mita badala ya kuubahatisha kwa fedha ya mteja. Tulibishana karibu saa nzima. Mwisho tukakubaliana kwamba kosa liandikwe, lakini kwa sentensi moja tu, na nafasi kubwa ipewe jinsi lilivyogunduliwa na kutengenezwa.

Likabaki jambo la usalama. Katika barua ya kwanza alikuwa ameandika, “Nazingatia usalama wakati wote.” Maneno haya hayana mtu wa kuyapinga wala wa kuyaamini. Tukamwuliza anafanya nini hasa. Akasema kwamba anapounganisha, huanza na betri kwenye kontrola, kisha paneli, na mizigo mwisho. Na anapofungua huanza na mizigo, kisha paneli, na betri mwisho. Sababu anaijua: paneli ya mtambo wa volti 12 ikiwa juani bila mzigo hutoa volti 20 na zaidi, na kontrola isiyo na betri yaweza kuharibika au kuzipitisha hadi kwenye taa. Akasema fyuzi huiweka karibu kabisa na kichwa chanya cha betri, kwa kuwa betri ikipigwa shoti hutoa ampea mamia, na waya usio na fyuzi huwaka moto kabla mtu hajasimama. Akasema pia huvua saa na pete, na mpini wa spana ameufunga utepe.

Lakini lililotupendeza zaidi ni habari ya radi. Ninyi wa Bungoma na Trans-Nzoia mwajua mvua zetu: asubuhi jua, baada ya saa nane mawingu na ngurumo. Ndugu yetu hupanga kazi ya juu ya paa asubuhi. Siku moja huko Kimilili alikuwa amebakiza boliti mbili tu, ngurumo ikasikika mbali. Akashuka. Mwenye nyumba alikasirika, akamwambia ni mwoga, ati boliti mbili si kitu. Alirudi asubuhi ya pili akamaliza, na nauli ya siku hiyo akailipa mwenyewe. Tukamwambia aandike na hilo, kwa kuwa meneja ndiye atakayebeba lawama siku fundi wake akipigwa radi juu ya bati la watu.

Sasa tutawasomea barua yenyewe. Aliipeleka kwa Kiingereza kama desturi ya ofisi zetu, lakini hapa tunaitoa kwa Kiswahili ili kila mtu aone mambo yaliyomo.

“Kwa Meneja,

“Naomba kazi ya fundi wa kufunga mitambo ya jua katika kampuni yako. Nina leseni ya EPRA ya daraja T2, na nakala yake nimeiambatanisha. Nimefanya kazi miaka miwili chini ya fundi mjini Bungoma na mwaka mmoja na nusu peke yangu, zaidi upande wa Chwele na Kimilili. Mitambo niliyofunga mwenyewe ni 31, yote ya nyumba na maduka, na hakuna uliozidi wati 300.

“Naeleza kazi moja ili uone ninavyofanya. Mwaka jana mteja wangu wa Chwele alilalamika kwamba televisheni inazimika usiku, na alikuwa ameshauriwa kununua betri mpya. Nilipima volti 12.4 kwenye betri na 10.5 kwenye soketi, mzigo ukiwa umewashwa. Mzigo ulipozimwa vipimo vililingana. Kosa lilikuwa waya wa milimita mraba 1.5 ambao mimi mwenyewe niliupitisha mita 20 bila kupima mwisho wake. Niliubadilisha kwa waya wa 6 kwa gharama yangu, nikapata 11.9, na mteja hakununua betri. Tangu siku hiyo sikabidhi kazi kabla ya kupima kila mwisho wa waya, mizigo yote ikiwaka na paneli zikiwa zimezimwa kwenye swichi yake, ili nione hali ya usiku. Karatasi ya vipimo vya kazi hiyo nimeiambatanisha.

“Kazi ya paa huifanya asubuhi, na nikisikia ngurumo nashuka hata kama imebaki boliti moja. Niliwahi kumuudhi mteja wa Kimilili kwa ajili hiyo. Kila betri ninayofunga ina fyuzi kwenye kichwa chanya, na nambari ya ampea za fyuzi nimeiandika kwenye sanduku ili mwenye nyumba asiweke kubwa zaidi au kipande cha waya.

“Mitambo iliyounganishwa na umeme wa gridi sijawahi kuifunga peke yangu, na leseni yangu hainiruhusu. Ningependa kujifunza chini ya fundi wa T3.

“Mteja wa Chwele, mwalimu mstaafu, amekubali umpigie simu. Ameomba iwe baada ya saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa mchana yuko shambani. Niko tayari kwa majaribio ya kazi siku yoyote.”

Imekwisha. Ni ukurasa mmoja.

Kuna mambo mawili twataka kuyaeleza katika barua hiyo, maana yaliulizwa mara nyingi tulipoisoma Bungoma.

La kwanza ni leseni. Kanuni za mwaka 2012 za mitambo ya jua ziliweka madaraja matatu: T1 kwa mitambo midogo ya betri moja hadi wati 100, T2 kwa mitambo ya paneli kadhaa hadi wati 300 au betri zaidi ya moja, na T3 kwa mikubwa, pamoja na ile inayounganishwa na gridi. Leseni hutolewa na EPRA, ambayo ndiyo iliyorithi kazi ya ERC mwaka 2019. Wako ndugu wanaoandika katika barua kwamba wanaweza kufunga mtambo wowote wa ukubwa wowote, na chini yake wameambatanisha leseni ya T1. Meneja huona mara moja. Ndugu yetu aliogopa kwamba kusema “sijawahi” kutamnyima kazi. Tukamwambia kwamba meneja atakuta pengo hilo kwenye leseni hata asipolisema, na yafaa aliseme mwenyewe kabla halijakutwa.

La pili ni simu ya Mwalimu. Alimwomba ruhusa kwanza. Wengi wetu huandika majina ya wateja na nambari zao bila kuwauliza, kisha mteja anapigiwa simu na mtu asiyemjua, anashtuka, anakata. Zaidi ya hayo, watu wa huku wana sababu ya kuogopa maneno ya sola. Katika miaka ya 1990 ziliuzwa nchini paneli nyembamba za bei nafuu, na baadhi yake zilipopimwa zilitoa chini sana ya wati zilizoandikwa mgongoni. Aliyenunua hakuwa na mita. Alijua tu kwamba taa inafifia. Mteja aliyeonyeshwa vipimo kwa macho yake, kabla na baada, ndiye atakayejibu simu ya meneja bila kusitasita.

Ndugu mmoja wa Kitale, fundi wa umeme wa kawaida wa majumbani, aliuliza kama haya yanamhusu. Yanamhusu. Yeye aeleze nyumba moja aliyoifunga waya, na aseme alipopima uvujaji kati ya waya kwa volti 500 alipata megaomu ngapi, ardhi ilikuwaje, na swichi ya kukata uvujaji ilikatika alipoijaribu au la. Na aeleze anavyohakikisha kwamba waya umekufa kabla ya kuugusa: anazima, anafunga kwa kufuli, anajaribu kipimo chake mahali penye umeme, anapima waya, kisha anakijaribu kipimo tena, maana kipimo kilichoharibika nacho husema hakuna umeme.

Ndugu yetu alipigiwa simu siku ya tisa. Hakuulizwa maswali mengi. Aliwekewa mezani betri, taa, kontrola na mzingo wa waya, akaambiwa aunganishe. Akatazama, akauliza fyuzi iko wapi. Meneja akafungua droo akaitoa. Baadaye alimwambia kwamba alikuwa amempigia Mwalimu, na Mwalimu alizungumza naye muda mrefu, zaidi juu ya mahindi.

Ameanza kazi kwa majaribio ya miezi mitatu, upande wa Kiminini na Endebess. Mwenzetu yule mzee aliyepinga bado anasema ilikuwa bahati.

Kamati itakaa kusoma barua Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baada ya saa nane. Mwenye barua aje nayo, na aje na karatasi ya vipimo vya kazi moja. Asiye na karatasi aende kwanza kwa mteja wake na mita.